Dakika 7 mbele ya mkutano mkuu wa SACCOS: taarifa ya kamati ya mikopo nipangeje ili watu wasipotee njiani?

Katibu_Mikopo

Habari za leo wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua kazi ya kuwasilisha. Mwezi ujao SACCOS yetu ya wafanyakazi ina mkutano mkuu, na kamati ya mikopo imepewa dakika 7, maswali yakiwa nje ya hizo. Ukumbini watakuwa wanachama kama 120: walimu, wauguzi, madereva, walinzi. Taarifa ya maandishi ina kurasa 11 na itagawiwa mlangoni. Kipaza sauti kipo, projekta haina uhakika.

Kiini cha taarifa ni hiki. Mikopo iliyo mikononi mwa wanachama ni Sh 480 milioni. Iliyochelewa zaidi ya siku 30 ni Sh 43 milioni, na kati ya hizo Sh 29 milioni ni mkopo wa dharura, ambao unadhaminiwa na mtu mmoja tu. Kamati inataka mkutano ukubali wadhamini wawili kuanzia Julai 1.

Sitaki kusoma kurasa 11 kwa mbio. Nipangeje, na nitumie maneno gani ili msikilizaji ajue muda wote tuko wapi?

Mwalimu_Semina

Mkuu, kanuni ni nyepesi. Waambie utakachosema, kiseme, kisha waambie ulichosema. Tengeneza slaidi 7, kila moja dakika moja. Mtu anazungumza maneno 150 kwa dakika, kwa hiyo andika maneno 1,050 na uyazoee. Ukifanya hivyo umemaliza kazi.

Bi_Mihtasari

Mwalimu, kutangaza safari mwanzoni ni sawa kabisa. Mengine yatamponza. Maneno 150 kwa dakika ni kipimo cha Kiingereza. Neno la Kiswahili hubeba kiambishi cha nafsi, cha wakati na cha mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo maneno machache huchukua muda ule ule. Mbele ya ukumbi wenye kipaza sauti, ambapo lazima utulie baada ya kila tarakimu, weka maneno 100 kwa dakika kisha ujipime: chukua ukurasa mmoja wa taarifa yako, hesabu maneno, usome kwa sauti ya ukumbini huku saa ya simu inahesabu. Utapata kasi yako halisi. Akiandika maneno 1,050 atakatwa na mwenyekiti kabla ombi lenyewe halijasikika.

Slaidi pia aziache. Projekta ikigoma, dakika mbili zinakwenda kwenye nyaya. Tayari kila mtu ana karatasi mkononi.

Katibu, usigawe dakika 7 zote. Gawa 6 na robo, zinazobaki ni akiba ya vicheko, kikohozi na mtu atakayeuliza ukurasa gani. Ufunguzi sekunde 45. Hali ya mikopo dakika moja na nusu. Ucheleweshaji unakotoka dakika mbili, maana hapo ndipo watu wanashawishika au wanakataa. Ombi dakika moja na nusu. Kufunga nusu dakika. Kwa kasi ya maneno 100 hiyo yote ni maneno kama 620, yaani kurasa mbili za kuandikwa, si 11.

Ufunguzi ndio unaobeba muundo wote, kwa hiyo uandike neno kwa neno. Mfano kwa taarifa yako:

"Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa. Hii ni taarifa ya kamati ya mikopo, na itachukua dakika saba. Mwishoni tutaomba mkutano uridhie jambo moja: mkopo wa dharura uwe na wadhamini wawili badala ya mmoja. Kufika hapo nina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza, hali ya mikopo yetu leo. Sehemu ya pili, ucheleweshaji unatoka wapi. Sehemu ya tatu, ombi lenyewe na tarehe ya kuanza. Maswali tuyapokee nikimaliza. Naanza na hali ya mikopo."

Msikilizaji ameshajua nani anasema, kwa muda gani, atatakiwa kuamua nini, na ngazi ni ngapi. "Itifaki imezingatiwa" inakuokoa kumtaja mgeni rasmi, afisa ushirika, mwenyekiti wa bodi na meneja mmoja mmoja. Kama mgeni rasmi ni mtu asiyeweza kupitwa, mtaje yeye tu.

Chuma_wa_Kigamboni

Kwa mtazamo wangu mdhamini mmoja anatosha. Mkopo wa dharura ni wa dharura, mtoto anaumwa usiku utatafuta wadhamini wawili wapi? Kwetu tulijaribu wawili, watu wakakimbilia mikopo ya kwenye simu. Katibu, kamati yenu ifikirie upya. Na riba yenu ni asilimia ngapi?

Bi_Mihtasari

Ndugu yangu Chuma, Katibu ameuliza namna ya kuwasilisha, sera yenyewe wataijadili wanachama wao. Ila Katibu, soma tena ujumbe huo, kwa sababu pingamizi hilo hilo litainuka ukumbini. Lipe sentensi mbili ndani ya sehemu ya tatu kabla halijaulizwa, na uliwekee alama ya wazi: "Najua wapo wanaojiuliza, mwanachama mwenye mgonjwa usiku atapata wapi wadhamini wawili. Kamati imelifikiria hilo, na jibu letu ni hili." Kisha jibu lenyewe. Kama kamati haina jibu, ni heri mgundue sasa.

Katibu_Mikopo

Asante sana dada. Jibu lipo: mdhamini wa pili ataruhusiwa kusaini ndani ya siku 3 baada ya fedha kutoka. Sasa nieleweshe kuhusu kuvuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Naona wengi wanasema "sasa basi" na "kama nilivyosema" na bado ukumbi unapotea.

Bi_Mihtasari

Wanapotea kwa sababu maneno hayo hayasemi umetoka wapi wala unaingia wapi. Kila kiungo kina kazi mbili: kufunga ulichokwisha sema kwa sentensi moja, halafu kufungua kinachofuata kwa swali au jina lake. Kwako kiungo cha kwanza kiwe hivi: "Hiyo ndiyo hali: kati ya kila shilingi mia tulizokopeshana, tisa zimechelewa. Hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili inajibu swali, tisa hizo zinatoka wapi?" Aliyekuwa anajibu simu nje akirudi wakati huo, anapata tarakimu kuu na anajua mko ngazi ya pili.

Kisha nyamaza kwa pumzi mbili na uangalie ukumbi kabla ya kuendelea. Kimya hicho ni sehemu ya kiungo. Mtu akisoma bila kuinua uso, viungo vyake vinasikika kama sentensi nyingine yoyote na havisaidii.

Kosa linaloharibu zaidi ni hesabu mbili zinazogongana. Uko kwenye "pili", ndani yake una sababu mbili, ukasema "kwanza". Msikilizaji anadhani umerudi mwanzo. Ukasema "pili" tena, sasa hajui ni pili ipi. Dawa yake ni kugawa majina: ngazi kubwa ziitwe sehemu, na za ndani ziitwe sababu. "Ndani ya sehemu hii ya pili nina sababu mbili. Sababu ya kwanza ni uhamisho." Neno "kwanza" likisimama peke yake lisitumike popote katika taarifa yako.

Na ukiahidi mambo matatu, yawe matatu. Ukumbi unahesabu. La nne likitokea wanaanza kuangalia saa.

Mkaguzi_wa_Ndani

Nimefuata uzi kimya, ila tarakimu zinanisumbua. Katibu, hiyo Sh 43 milioni ni nini hasa? Ni marejesho yaliyopaswa kulipwa yakachelewa, au ni salio lote la mikopo ambayo rejesho lake limechelewa? Mtu aliyekopa Sh 2 milioni na amekosa rejesho moja la Sh 100,000, ukihesabu kwa njia ya kwanza ni laki moja, kwa njia ya pili ni milioni mbili kasoro alicholipa. Muuguzi mmoja akiuliza hilo na ukasita, asilimia 9 yako haitaaminika tena.

La pili. Kusema 29 kati ya 43 ni mkopo wa dharura hakutoshi. Kama mikopo mingi mnayotoa ni ya dharura, ni lazima iongoze kwa ucheleweshaji. Jumla ya mkopo wa dharura ni kiasi gani katika zile 480?

Katibu_Mikopo

Ni salio lote la mikopo yenye rejesho lililochelewa zaidi ya siku 30. Mkopo wa dharura kwa jumla ni Sh 96 milioni.

Mkaguzi_wa_Ndani

Basi hapo ndipo penye hoja yako, na haimo kabisa katika maelezo yako ya mwanzo. Dharura: 29 kati ya 96, kama asilimia 30. Mikopo mingine yote: 14 kati ya 384, haifiki asilimia 4. Sema hivi kwa utulivu: "Katika kila shilingi mia za mkopo wa dharura, thelathini zimechelewa. Katika mikopo mingine yote, hazifiki nne." Sentensi hizo mbili zina nguvu kuliko jedwali lako lote. Zingine ziache kwenye karatasi.

Ila kuwa mkweli: hilo linaonyesha ucheleweshaji uko wapi, halithibitishi kwamba mdhamini mmoja ndiye chanzo. Mkopo wa dharura unatofautiana na mingine kwa mengi, muda mfupi wa kulipa na haraka ya kuidhinisha pia. Ukisema "sababu ni mdhamini mmoja" utapingwa kwa haki. Sema kamati imepitia mafaili na imeona nini.

Katibu_Mikopo

Mafaili yameonyesha mawili. Mtu akihamishwa kituo, makato ya mshahara yanasimama miezi kadhaa hadi yahamie huko, na akiba ya mdhamini mmoja haifiki deni. La pili, walinzi na madereva wa mkataba, mkataba ukiisha makato yanakatika.

Mkaguzi_wa_Ndani

Hilo la uhamisho linaunganika na ombi lako moja kwa moja, kwa sababu akiba za wadhamini wawili zinaziba pengo. La mkataba linaunganika kidogo tu. Mpe uhamisho dakika moja na nusu na mkataba nusu dakika.

Bi_Mihtasari

Na la mkataba liweke alama ya kukatwa kwenye kadi yako. Mwenyekiti akisema "Katibu, bado dakika mbili" ukiwa katikati ya sehemu ya pili, usiongeze kasi. Sema: "Nashukuru Mwenyekiti. Sababu ya pili iko ukurasa wa sita, mtaisoma. Naingia sehemu ya tatu, ombi la kamati." Unaruka bila kumwacha mtu, kwa sababu umesema umeruka nini na kinapatikana wapi. Ombi halikatwi kamwe.

Kadi ziwe tano, zenye namba kubwa kona ya juu: ufunguzi, sehemu tatu, kufunga. Kila kadi sentensi ya kwanza na kiungo cha mwisho viandikwe kamili. Katikati tarakimu na maneno ya kukumbusha tu.

Tasnifu_2

Samahani wakuu, mimi natetea tasnifu wiki mbili zijazo, dakika 15 mbele ya jopo la watu wanne. Hizi sehemu tatu na kiungo zinanifaa?

Bi_Mihtasari

Viungo vinakufaa. Ila jopo lako limeshasoma kazi yako, kwa hiyo muda mwingi upeleke kwenye mbinu na matokeo. Ukumbi wa Katibu utaona kurasa 11 kwa mara ya kwanza mlangoni. Fungua uzi wako, tutakuja.

Nyali_Pwani

Hamjambo nyote. Niko Mombasa, sacco yetu hufanya mikutano ya wajumbe. Nakubaliana na mengi, ila hili la kutaja ombi mwanzoni silikubali. Taarifa inapogusa madeni ya watu, ukianza na ombi unawapa la kupinga kabla hawajasikia sababu. Minong'ono inaanza dakika ya kwanza na hakuna atakayesikia hizo shilingi thelathini. Kwetu ni hali kwanza, watu waone wenyewe, ombi lije likiwa limeiva. Na kuna adabu yake, huingii nyumba ya watu ukaanza na haja yako.

Bi_Mihtasari

Kaka Nyali, naelewa. Ila ombi limo katika ajenda na karatasi iko mikononi mwao, hakuna siri ya kutunza. Asipolisikia kwako atalisoma ukurasa wa mwisho wakati wewe unaeleza hali, na hapo umempoteza kabisa. Tena anayejua anatakiwa kuamua nini husikiliza tarakimu kwa makini zaidi.

Nyali_Pwani

Ikiwa limo katika ajenda, bado kulisoma na kuambiwa ni vitu viwili. Labda njia ya kati ni hii: "Mwishoni nitaomba uamuzi wenu kuhusu mkopo wa dharura," bila kutaja wadhamini. Unatangaza kuna uamuzi, maudhui yanangoja.

Mkaguzi_wa_Ndani

Mimi nipo upande wa Nyali kwa ukumbi wenye joto, upande wa Bi Mihtasari kwa ukumbi uliotulia. Katibu anawajua watu wake.

Jambo la utaratibu kabla hatujasahau. Idadi ya wadhamini imeandikwa wapi kwenu, katika sera ya mikopo au katika masharti ya chama? Kama ni masharti, kura ya mkutano peke yake haitoshi, mabadiliko yanapaswa kusajiliwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika, na tarehe ya Julai 1 huwezi kuiahidi. Pia hakikisha ombi limo katika ajenda kwa jina. Likiachwa liingie kwenye mengineyo, mtu akisema wanachama hawakuarifiwa atakuwa na hoja.

Katibu_Mikopo

Ni sera ya mikopo, na ajenda namba 7 inalitaja. Na tarakimu za karatasini nizisomeje? Jedwali lina safu sita.

Bi_Mihtasari

Usilisome jedwali, liongoze. Namba za mistari ziandikwe pembeni. Kisha: "Naomba tufungue ukurasa wa nne. Mstari wa tatu, safu ya mwisho kulia." Subiri usikie karatasi zimetulia, ndipo useme tarakimu moja. Ukianza kusema wakati wanapekua, nusu ya ukumbi haijakusikia. Rejea mbili za ukurasa zinatosha kwa dakika 7, maana kila moja inakula sekunde 15 hivi. Na 43,217,650 kwa mdomo ni "milioni arobaini na tatu", maelfu na mamia yabaki kwenye karatasi.

Wengine watakuambia majina ya wadaiwa yatajwe. Kuwa na jibu: "Majina ya wanachama hayamo katika taarifa hii. Kila mwenye deni amekwisha andikiwa." Sema hivyo tu kama kweli wameandikiwa.

Mwalimu_Semina

Nimekubali kuhusu maneno 150. Lakini kurudia mwishoni bado nakutetea. Wasikilizaji wanasahau.

Bi_Mihtasari

Kurudia kupo, Mwalimu, ila kwa dakika 7 sekunde 30 zinatosha, na kinachorudiwa ni hoja moja na ombi. Akirudia sehemu zote tatu anawasilisha mara mbili. Na akishasema "nahitimisha" asizidi dakika moja. Kuna wanaosema "nahitimisha", kisha "kwa kumalizia", kisha "la mwisho kabisa". Ukumbi ukidanganywa mara moja hausikilizi tena, na hapo ndipo ombi linaposomwa.

Katibu_Mikopo

Nimeandika sehemu ya tatu na kufunga. Naomba mkosoe:

"Hizo ndizo sababu, na kubwa ni uhamisho. Sasa naingia sehemu ya tatu na ya mwisho, ombi la kamati. Kamati inapendekeza kwamba ingefaa pengine tuangalie suala la wadhamini. Najua wapo wanaojiuliza mwenye mgonjwa usiku atafanyaje. Jibu letu: fedha zitatoka kukiwa na mdhamini mmoja, wa pili atasaini ndani ya siku tatu. Nahitimisha. Katika kila shilingi mia za mkopo wa dharura, thelathini zimechelewa. Ndugu Mwenyekiti, naomba kuwasilisha."

Bi_Mihtasari

Viungo ni vizuri. Sentensi ya ombi ndiyo dhaifu: "ingefaa pengine tuangalie suala" haipigiwi kura, na mwandishi wa mihtasari hatajua aandike nini. Iandike kama itakavyoingia katika mihtasari: "Kamati inaomba mkutano uridhie kwamba kila mkopo wa dharura utakaotolewa kuanzia Julai 1 uwe na wadhamini wawili." Neno "utakaotolewa" lisikose, la sivyo wenye mikopo ya sasa watadhani wanatakiwa kutafuta mdhamini wa pili kesho. Sentensi hiyo hiyo irudie mwishoni bila kubadili neno, baada ya shilingi thelathini, kabla ya "naomba kuwasilisha".

Mkaguzi_wa_Ndani

Na ongeza kitakachotokea mdhamini wa pili asiposaini ndani ya siku tatu. Sera ikikaa kimya hapo, swali la kwanza baada ya makofi litakuwa hilo.

Katibu_Mikopo

Hilo kamati haijalijadili. Tunakutana Alhamisi, nitalipeleka.